Kuvia kwa Mkataba

Mkataba huvia pale ambapo, baada ya kufungwa ukiwa mzima, hutokea jambo lisilo kosa la upande wowote likauondolea msingi wake. Tafsiri ya "kukatishwa tamaa kwa mkataba" haifai hata kidogo, maana mkataba hauna tamaa. "Kuvunjika" kunapotosha zaidi: mkataba ukivunjika huulizwa aliyeuvunja, naye hudaiwa fidia, ilhali katika kuvia hakuna mkosaji. Kitenzi *via* huzaa *viza* kama *lia* inavyozaa *liza*, na kila mfugaji wa kuku anajua yai viza: lilitagwa zima, likaatamiwa, lisifikie kuanguliwa. Watunga istilahi waliolipita neno hili wakakimbilia kufasiri Kiingereza neno kwa neno wamewanyima wanafunzi wa sheria neno walilozaliwa nalo.

Kuvia si sawa na dhana potofu, ingawa hata wasomi huyachanganya. Tofauti ni ya wakati, na ilidhihirika London mwaka 1902. Maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba yalipangwa kufanyika tarehe 26 na 27 Juni, na wenye nyumba kando ya njia wakakodisha vyumba vya kutazamia. Tarehe 20 Juni, Henry alikubali kukodi vyumba vya Krell mtaa wa Pall Mall kwa pauni 75, akatanguliza 25. Mfalme akaugua, akapasuliwa tarehe 24, na maandamano yakaahirishwa. Krell alidai pauni 50 zilizobaki, akashindwa. Vyumba vilikuwepo na vingeweza kukaliwa, lakini pande zote mbili zilijua kwamba kilichokodiwa hasa ni kuyaona maandamano. Mkataba ulikuwa halali kwa siku kadhaa, kisha ukavia.

Katika shauri la Griffith na Brymer, chumba cha mtaa wa St James's kilikodiwa kwa pauni 100, saa tano asubuhi ya tarehe 24. Uamuzi wa kumpasua mfalme ulikuwa umetolewa saa moja kabla, bila wahusika kujua. Hapo hakuna kilichovia, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na mkataba. Wote wawili walijenga juu ya dhana potofu, na pauni 100 zikarudishwa.

Saa hiyo moja ilikuwa na uzito wa fedha. Kuvia hukata wajibu wa mbele tu. Kwa hiyo katika shauri la Chandler na Webster la 1904, mpangaji ambaye malipo yake yote yalishaiva kabla ya kuahirishwa hakurudishiwa pauni 100 alizotoa, tena akaamriwa kumalizia deni. Hukumu hiyo ilikuwa kali kupita haki, na ilitenguliwa mwaka 1942.

Katika matumizi: mkataba *umevia*, tukio *limeuviza*. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo imeyatenga mambo haya mawili, dhana potofu katika kifungu cha 20, na kuvia katika kifungu cha 56.