Kipimo cha sehemu nne chafichua maji yanayojificha mwilini

Tuchukue mfano wa mkazi wa Mweiga, Nyeri, aliyevimba miguu. Mizani yaonyesha kilo 60, na ujazo wa mwili wake, uliopimwa katika chumba cha hewa, ni lita 57.5. Kanuni ya zamani ya Siri, inayougawa mwili kuwa mafuta na visivyo mafuta tu, humpa kilo 14.6 za mafuta.

Kanuni hiyo hudhani kuwa takriban asilimia 73 ya visivyo mafuta ni maji kwa kila mtu. Aliyevimba huvuka kiwango hicho, nayo haina njia ya kutambua.

Ndiyo sababu watafiti huchukulia mfumo wa sehemu nne, yaani mafuta, maji, madini na protini, kuwa kigezo cha kusahihishia vipimo vingine. Mhusika hunywa kiasi kidogo cha maji yenye haidrojeni nzito. Saa chache baadaye mate yake huonyesha kiasi cha maji mwilini. Madini ya mifupa hupimwa kwa eksirei.

Tuseme maji ni kilo 36 na madini ya mifupa kilo 2.4. Kanuni ya Fuller na wenzake (1992) hutoa mafuta kilo 12.9. Protini haipimwi moja kwa moja. Ni salio, hapa kama kilo 8. Maji sasa ni asilimia 76 ya visivyo mafuta: uvimbe umeonekana.

Kasoro ipo. Kosa dogo katika ujazo huzidishwa karibu mara tatu, hivyo lita 0.2 tu hupotosha mafuta kwa zaidi ya nusu kilo.