Mimba Ikipita Tarehe: Hesabu ya Wiki ya 41

Akina mama wa Majengo, Eastleigh na mitaa mingine ya Eastlands, Nairobi, wakiwemo ndugu zetu wa Pwani, huzalia Pumwani, hospitali ya uzazi iliyofunguliwa 1926, au Mama Lucy Kibaki. Swali wanalofika nalo ni lile lile: tarehe imepita, mbona uchungu hauji?

Kwanza ihakikiwe tarehe yenyewe. Chukua mama aliyeanza hedhi yake ya mwisho Januari 3. Ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, utapata Oktoba 10, yaani wiki 40 kamili. Wiki ya 41 hutimia Oktoba 17, na Oktoba 24 zikitimia 42 ndipo mimba huhesabiwa kuwa imepitiliza. Lakini mama huyu akiwa hupata hedhi kila baada ya siku 35 badala ya 28, yai lilichelewa wiki moja, na tarehe yake ya kweli ni Oktoba 17. Ndiyo maana skeni ya kabla ya wiki 24 ina thamani kubwa. Ile ya mwezi wa nane yaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu.

Baada ya tarehe, kondo la nyuma huanza kuchoka na maji ya uzazi kupungua. Kitovu hubanwa kwa urahisi, na mtoto aweza kunya tumboni kisha akavuta uchafu ule mapafuni. Kwa hiyo mama huitwa mara kwa mara, mapigo ya moyo wa mtoto yakafuatiliwa na maji yakapimwa kwa skeni. Dimbwi lenye kina kirefu zaidi likiwa chini ya sentimita 2, hangojewi tena. Na mtoto akipunguza kucheza, mama aende siku hiyo hiyo, asisubiri miadi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza uchungu uanzishwe wiki 41 zikitimia, mradi tarehe ni ya hakika. Daktari hupima kwanza mlango wa kizazi. Ukiwa laini na umeanza kufunguka, chupa hupasuliwa na dripu ya oksitosini kufuata. Ukiwa mgumu, hulainishwa kwa mpira wenye puto dogo au kwa misoprostoli, mikrogramu 25 za kunywa kila baada ya saa 2.

Hapo pana hatari. Kidonge kimoja huwa na mikrogramu 200, yaani dozi nane. Anayekinunua dukani na kukimeza kizima aweza kupata uchungu mfululizo usiompa mtoto nafasi ya kupumua, hata kizazi kikapasuka. Aliyewahi kupasuliwa hapewi kabisa dawa hii. Huzungumza na daktari kuhusu puto au upasuaji. Mafuta ya nyonyo ya bibi nayo huleta kuhara zaidi kuliko uchungu.

Kuanzishiwa kwaweza kuchukua siku nzima au mbili, basi anayemsindikiza aje amejiandaa kukesha.