Vimulimuli Kwenye Picha na Jinsi Walivyozimwa

Ukiandika programu yako mwenyewe ya kuchora picha kwa kufuata njia za mwanga, wageni wa kwanza kukutembelea ni vimulimuli. Ukuta uko, sakafu iko, kiti kiko mahali pake, halafu juu ya kila kitu kuna nukta nyeupe kali zilizotawanyika ovyo. Unaiacha mashine ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi wengine wamefifia lakini wapya wamezaliwa. Mimi niliacha chuo kabla ya kukutana na somo la takwimu, kwa hiyo hesabu hii niliijua kupitia historia yake: nani alikwama wapi, na alijinasua vipi. Na historia yenyewe haianzii kwenye picha. Inaanzia kwenye bomu.

Mwaka wa 1946 Stanislaw Ulam alikuwa anapata nafuu baada ya kuugua, akijipitishia muda kwa kucheza karata peke yake. Akajiuliza uwezekano wa kushinda ni upi. Hesabu ilikuwa ndefu mno, ndipo akaona ni rahisi zaidi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Wazo hilo alimpelekea John von Neumann, na pale Los Alamos wakalitumia kukadiria mwendo wa neutroni. Likaitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kamari kule Monaco.

Shida ilijitokeza upesi. Chukua ukuta mnene wa kuzuia mionzi, unaopitisha neutroni moja tu katika milioni. Ukiiga neutroni milioni moja kwenye kompyuta za enzi hizo, labda utapata moja, labda tatu, labda usipate hata moja. Hilo si jibu, ni bahati nasibu. Miaka ya kuelekea 1950, Herman Kahn wa taasisi ya RAND huko California alikuwa miongoni mwa walioonyesha njia ya kutoka: usirushe neutroni bila mpango, zipendelee zile zinazoelekea kupenya. Ila upendeleo una bei. Upande ulioupa nafasi mara kumi zaidi, kila jibu lake uligawe kwa kumi. Wastani unabaki wa kweli, na kelele inapungua. (Kahn huyuhuyu baadaye alipata umaarufu kwa kuandika kuhusu vita vya nyuklia, kwa utulivu uliowaogofya watu.)

Mwanga ukaja kuazima hesabu hiyo. Mwaka wa 1986 James Kajiya aliandika mlinganyo mmoja unaoeleza mwanga wote unaodunda kati ya vitu, na akapendekeza kuutatua kwa Monte Carlo: kutoka kwenye kila pikseli, fuata njia chache za kubahatisha mpaka zifike kwenye taa. Yeye alitumia njia 40 kwa kila pikseli. Ukiangalia picha zake leo utaona chengachenga.

Sasa tuhesabu kimulimuli mmoja, maana hapa ndipo watu wengi hukubali tu bila kuona. Tuseme niko kwenye sakafu isiyong'aa, na juu kuna balbu ndogo yenye ukali wa 1000. Balbu hiyo imeshika sehemu moja tu katika 1000 ya anga ninayoiona. Tuyaache mambo ya pembe kwa sasa. Jibu sahihi ni 1. Nikirusha miale 100 kila upande bila kuchagua, katika pikseli 100, takriban 90 hazitaigusa balbu kabisa, na zitakuwa nyeusi tii. Nyingi za zile zilizobaki zitaigusa mara moja, na 1000 ukigawa kwa 100 ni 10. Yaani pikseli inang'aa mara kumi kuliko inavyostahili. Huyo ndiye kimulimuli. Si hitilafu ya programu. Ni jibu sahihi kwa wastani, lililorundikwa mahali pamoja. Na kuongeza miale kunasaidia polepole sana: ili kelele ipungue nusu, unahitaji miale mara nne.

Dawa ya Kahn inafanya kazi hapa mara moja. Elekeza kila mwale kwenye balbu yenyewe. Nimeipa balbu nafasi mara 1000 zaidi, kwa hiyo nagawa kwa 1000, na kila mwale unarudisha 1. Hakuna kelele.

Basi si tumemaliza? Hapana. Ondoa sakafu, weka sahani ya chuma iliyosuguliwa, halafu balbu ifanye kubwa kama dirisha. Chuma hicho kinarudisha mwanga wa upande mmoja mwembamba tu. Ukichagua nukta yoyote ile kwenye taa, karibu zote ziko nje ya upande huo na zinarudisha sufuri, mpaka siku moja ibahatike ndani yake, na hapo kimulimuli anarudi. Kwenye sahani hii ni afadhali kufuata chuma kinavyotaka kudundisha mwanga. Kwa hiyo kuna mbinu mbili nzuri, na kila moja inaharibikia pale mwenzake anapong'ara.

Mwaka wa 1995 Eric Veach, mwanafunzi wa Stanford, pamoja na Leonidas Guibas, walitoa jibu. Picha yao maarufu ina sahani kadhaa, kutoka laini hadi zenye kukwaruza, na taa za duara kutoka ndogo hadi kubwa. Mbinu moja inachafua kona hii, nyingine inachafua kona ya pili.

Wazo la haraka ni kutumia zote mbili na kugawa kwa mbili. Halisaidii: kimulimuli wa 1000 anakuwa wa 500, na bado ni kimulimuli. Wao walifanya jambo la ujanja zaidi. Kila sampuli ikipatikana, uliza mbinu nyingine ingeipata kwa urahisi gani. Kama ile nyingine ingeipata kirahisi, ipunguzie hii sauti.

Rudi kwenye sakafu yetu. Mwale uliorushwa ovyo umegonga balbu kwa bahati. Nafasi yake ilikuwa 1, na mbinu ya taa ingekuwa na 1000, hivyo uzito wake ni 1 kwa 1001. Zidisha kwa 1000: kimulimuli amekuwa 0.999. Mwale wa taa unapata uzito wa 1000 kwa 1001, nao unatoa 0.999 kila mara. Jumlisha wastani wa mbinu hizo mbili, ukikumbuka kwamba ule wa ovyo hugonga mara moja tu katika 1000, na unapata 1 kamili. Hakuna mwanga ulioibwa.

Wengi leo hupandisha nafasi hizo kipeo cha pili, kama Veach alivyopendekeza pia, ili mbinu yenye nguvu itawale zaidi:

```
w_a = p_a*p_a / (p_a*p_a + p_b*p_b)
```

Mtego uko kwenye vipimo. Nafasi ya kuchagua nukta kwenye taa hupimwa kwa eneo, ile ya mwale hupimwa kwa pembe. Kabla ya kuzilinganisha lazima ya taa izidishwe kwa umbali kipeo cha pili, kisha igawanywe kwa kosini ya pembe kwenye taa. Ukisahau, uzito ni takataka. Utajua hivi: chora picha tatu, ya taa peke yake, ya miale peke yake, na ya mchanganyiko, kisha linganisha wastani wa mwanga. Zikipishana kupita kelele yenyewe, kuna mwanga uliohesabiwa mara mbili au uliopotea.

Veach alimaliza tasnifu yake mwaka wa 1997, na mwaka wa 2014 Akademia ya filamu ya Marekani ikamtuza kwa utafiti huo. Lakini weka glasi ya maji mezani chini ya balbu ndogo, na vimulimuli watarudi kwenye kile kivuli king'avu kilicho chini ya glasi. Mwale unaoelekezwa kwenye taa unazuiwa na glasi, na ule wa ovyo unaipata taa kwa nadra. Mbinu zote mbili ni vipofu hapo, na kupima uzito kati ya vipofu wawili hakukuonyeshi njia. Programu nyingi basi hukata tu mwanga uliozidi kiwango fulani. Picha inatulia, na ule mng'ao wa chini ya glasi unakuwa hafifu kuliko ulivyo kweli.