Mungomi wa Kolo: kutoka Dodoma kwa miguu hadi mlima wa matambiko

Mungomi wa Kolo ni mahali penye mapango na michoro ya kale mlimani, karibu na kijiji cha Kolo, wilayani Kondoa. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini kwa wenyeji mlima huu bado ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji.

Kutoka mjini Dodoma ni karibu kilomita 180, kwa barabara ya Mayamaya, Haneti, Chemba na Kondoa. Ukitembea kilomita 25 kwa siku, utatumia siku saba na sehemu ya nane. Ongeza siku moja ya kupumzika Kondoa mjini, maana mwisho wa safari kuna kupanda mawe.

Anza mazoezi wiki sita kabla. Tembea kilomita 8 mara tatu kwa wiki, ongeza kidogo kidogo, hadi uweze kwenda 20 leo na 20 kesho. Siku ya pili ndiyo inayokuambia ukweli. Vaa viatu vilevile utakavyosafiri navyo, na ukihisi mahali panaunguza mguuni, simama ufunge kitambaa kabla lengelenge halijatoka.

Kiangazi njia ni kavu, lakini maji ni ya shida. Ondoka saa 11 alfajiri, pumzika kivulini kuanzia saa 5, kisha uendelee jioni. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa maji ya kutosha.

Kwa malazi, fika kijijini jua lingali juu, ujitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji na useme unakokwenda. Mgeni anayejulikana na uongozi hupata pa kulala kwa urahisi kuliko anayebisha hodi usiku. Ukipewa chakula, changia unga, sukari au kuni.

Ukifika Kolo, usipande peke yako. Pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale kijijini upate kibali na mwongozaji. Kama nia yako ni tambiko, omba ukutanishwe na wazee wanaohusika. Wao ndio wanaosema kinachotolewa, iwe pombe ya nafaka au mnyama wa kuchinja, na wao ndio wanaotoa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Pombe na mafuta yakimwagwa kwenye mwamba huharibu michoro, na hata maji ya kuifanya ionekane vizuri kwenye picha huifuta taratibu. Usiiguse, usichimbe chini ya mwamba. Watafuta hazina wameshaacha mashimo huko. Sadaka yako iwekwe pale wazee watakapoonyesha. Rangi ikishatoka, hakuna tambiko litakaloirudisha.