Hesabu za fedha na namba za nukta elea

Nukta elea ni namna ya kuhifadhi namba zenye desimali katika kompyuta kwa kizio cha mbili, kwa utaratibu uliowekwa na kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985. Inafaa kwa vipimo vya sayansi. Kwa fedha ni hatari, kwa kuwa moja ya kumi haina mwisho katika kizio cha mbili, na kompyuta hulazimika kuhifadhi namba iliyo jirani nayo. Bei ya 19.99 ikigeuzwa kuwa senti katika Python, senti moja hupotea:

```python
from decimal import Decimal

int(19.99 * 100)             # 1998
int(Decimal("19.99") * 100)  # 1999
```

Wapo wanaosema dawa ni kukadiria mwishoni, maana tofauti ni ndogo mno. Kwa 19.99 hilo linatosha, lakini halifui dafu thamani inapoangukia katikati kabisa ya senti mbili. Namba 2.675 huhifadhiwa ikiwa ndogo kidogo kuliko ilivyoandikwa, hivyo `round(2.675, 2)` hutoa 2.67, ilhali mhasibu anayepandisha nusu angeandika 2.68. Kilichopotea namba ilipoingia hakirudishwi na ukadiriaji. Ndiyo maana fedha huhifadhiwa kama senti nzima au kama desimali kamili, tena kutoka kwenye maandishi: `Decimal(2.675)`, bila alama za nukuu, hubeba kosa lile lile.

Hata hivyo, desimali kamili haisemi ukadirie wapi. Hilo huamuliwa na sheria, na jaribio zuri huanzia hapo. Umoja wa Ulaya ulipoandaa sarafu ya yuro, Kanuni 1103/97 iliagiza viwango vya tarakimu 6 na kukataza kutumia kinyume chake. Yuro 1 ilikuwa faranga 6.55957 za Ufaransa. Faranga 1,000,000 zikigawanywa kwa kiwango hicho hutoa yuro 152,449.02, zikizidishwa kwa 0.152449 hutoa 152,449.00. Jaribio la kiasi kidogo lisingeona tofauti hiyo, kwa hiyo jaribio la kubadili fedha lazima liwe na kiasi kikubwa pia, na jibu lake likokotolewe kwa mkono kutoka kwenye sheria, si kunakiliwa kutoka kwenye programu inayopimwa.

Jumla nazo zina mtego wake. Chukua bidhaa tatu za shilingi 33.35 kila moja, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kama ya Kenya. Kodi ikikadiriwa kwa kila bidhaa ni 5.34, jumla 16.02, ikikadiriwa mara moja juu ya 100.05 ni 16.01. Njia zote mbili zina mantiki, ila risiti na daftari zikifuata njia tofauti huenda zisilingane. Baadhi ya waandishi wa programu hulimaliza suala hili kwa kuruhusu majibu yapishane kwa senti moja. Lakini makosa yote yaliyotajwa hapa, isipokuwa lile la faranga, ni ya senti moja: jaribio la namna hiyo lingeyapitisha, na halifai kubaki katika mfumo wa fedha.