Jiki au unga wa oksijeni? Angalia kitambaa kwanza, ndipo uangalie rangi

Shati la shule limerudi na utomvu wa ndizi kwenye kifua. Asubuhi lilikuwa jeupe, jioni lina madoa ya kahawia yanayoelekea kuwa meusi. Kwenye nyumba nyingi za Bukoba na Muleba hatua inayofuata inajulikana: jiki inamiminwa kwenye beseni, shati linazamishwa, watu wanaendelea na kazi nyingine. Wakati mwingine linatoka safi. Wakati mwingine linatoka la njano, au linatoka jeupe halafu baada ya wiki chache linachanika mgongoni kama karatasi.

Kosa hapo ni kuamini kwamba kila nguo nyeupe inaweza kuingia kwenye jiki. Weupe ni rangi tu. Kinachoamua nguo itapona au itaharibika ni uzi uliotumika kuifuma.

Dawa mbili, kazi mbili tofauti

Madukani kuna dawa za aina mbili za kung'arisha nguo, na watu wengi huziita zote "dawa ya madoa".

Ya kwanza ni ya klorini, yaani jiki ya maji kwenye chupa. Ukisoma karatasi ya chupa, utakuta neno linaloanza na herufi "hypo". Hiyo ni hipokloraiti ya sodiamu, NaOCl. Inafanya kazi haraka, hata kwenye maji ya baridi, na inashambulia rangi yoyote inayokutana nayo. Haijui tofauti kati ya doa na maua ya kitenge.

Ya pili ni ya oksijeni. Mara nyingi ni unga mweupe wenye chembechembe, na kwenye pakiti utakuta neno lenye herufi "percarb". Ukiingia kwenye maji, unga huo unatoa haidrojeni peroksaidi, H₂O₂, pamoja na magadi. Peroksaidi ndiyo inayovunja doa taratibu. Ni mpole zaidi kwa rangi, lakini unataka vitu viwili ambavyo jiki haivihitaji: joto na muda. Ukiuweka kwenye maji ya baridi kwa dakika kumi, usishangae ukiona doa liko palepale.

Nguo ambazo jiki inaziua

Ya kwanza ni sufu na hariri. Nyuzi hizi zimetengenezwa kwa protini, kama nywele zako. Jiki inazigeuza njano, inazifanya ngumu, na ikiwa kali inaziyeyusha kabisa. Usijaribu hata kwa tone moja.

Ya pili ni nailoni na nyuzi za kunyumbuka, zile za soksi, sidiria, chupi na jinzi za kubana. Nguo inageuka njano isiyotoka, na mpira wake unalegea. Ndiyo maana soksi nyeupe za shule huwa za njano na zinashuka mguuni ingawa hazijachakaa.

Ya tatu ni nguo yoyote yenye rangi. Doa la jiki kwenye kitenge au jinzi linaonekana kama baka jeupe au la rangi ya chungwa. Hilo sio doa la kufua, maana rangi yenyewe imeshaondoka. Angalia pia shati jeupe lenye nembo ya shule iliyodariziwa: shati linaweza kupona, nembo ikapauka.

Inayobaki salama ni pamba nyeupe tupu na kitani nyeupe. Hata hizo zina kikomo. Jiki hula uzi wa pamba kidogo kidogo kila inapotumika, na inafanya hivyo haraka zaidi ikiwa haijachanganywa na maji au nguo ikilala humo usiku kucha. Shuka inayochanika katikati bila kuvutwa ni dalili ya jiki nyingi.

Unga wa oksijeni nao una wa kwake

Usidhani huu ni salama kwa kila kitu. Maji yake yana magadi, na magadi ya moto huharibu sufu na hariri. Nguo inasinyaa, inakuwa ngumu na kupoteza mng'aro. Kwa hiyo vitambaa hivyo viwili havitaki dawa hata moja kati ya hizi. Vifuliwe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu.

Usilowekee pia nguo yenye kipande cha ngozi, wala yenye vifungo na zipu za chuma kinachoshika kutu. Chuma kinafanya peroksaidi ivunjike kwa kasi mahali pamoja, na pale penye kutu kitambaa kinaweza kutoboka.

Kwa vitenge, khanga, fulana za rangi na jezi, huu ndio wa kuchagua, mradi rangi isiwe inachuja. Lowesha kona moja ya nguo kwa maji ya dawa, subiri dakika 10, kisha bonyeza na kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, acha.

Hujui ni kitambaa gani?

Soma lebo ya ndani ya kola au ubavuni. Pembetatu tupu inaruhusu dawa yoyote. Pembetatu yenye mistari miwili ndani inaruhusu ya oksijeni tu. Pembetatu iliyokatwa kwa alama ya msalaba inakataza zote.

Nguo nyingi za mitumba hazina lebo, basi tumia moto. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, ushike kwa koleo juu ya sahani na uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta na nailoni zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua. Uzi ukiungua na pia ukaacha kidonge, ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, kama yalivyo mashati mengi ya shule. Mchanganyiko huo ni bora uende kwenye oksijeni.

Beseni moja, nguo tano

Tuchukue mfano wa nyumba moja Muleba. Kuna shati jeupe la shule lenye utomvu wa ndizi, soksi nyeupe, sweta ya bluu, kitenge chenye doa la kahawa, na shuka nyeupe ya pamba.

Shati, soksi na kitenge vinaenda kwenye oksijeni, lakini sio beseni moja. Anza na nyeupe. Changanya lita mbili na nusu za maji yaliyochemka na kiasi hichohicho cha baridi. Utapata lita 5 za maji ya moto yasiyochemka. Weka vijiko vinne vya chakula vya unga, au kiasi ambacho pakiti imesema, koroga mpaka uyeyuke, kisha zamisha shati na soksi. Ziache saa moja ndipo uangalie. Doa likiwa limepungua ila halijaisha, ziache hadi saa sita, kisha fua kwa sabuni kama kawaida.

Kitenge kipate maji yake mapya, theluthi moja tu iwe yaliyochemka, baada ya kupima rangi kama tulivyoeleza.

Utomvu wa ndizi unahitaji subira. Unapodondoka hauna rangi, halafu hewa inaugeuza kahawia. Ukiuwahi siku hiyohiyo, nafasi ya kuutoa ni kubwa. Uliokaa wiki na kupigwa pasi utapungua, lakini huenda usitoke wote. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kumimina jiki kavu juu ya doa. Kwenye shati la mchanganyiko, hilo linakupa doa la njano mahali pa doa la kahawia.

Shuka ya pamba ndiyo peke yake inayoweza kwenda kwenye jiki. Fua kwanza kwa sabuni na suuza. Kisha weka robo kikombe cha jiki, karibu mililita 60, kwenye lita 5 za maji ya baridi. Koroga kabla ya kuweka shuka, iache dakika 5, isizidi 10, halafu suuza mara mbili au tatu. Vaa glavu na fanya kazi nje au mlango ukiwa wazi. Sweta, kama ni ya sufu, inafuliwa peke yake kwa sabuni laini.

Maji yenye kutu yanabadilisha kila kitu

Kama maji yako ya kisima, au ya mvua yanayopita kwenye bati lililochakaa, yanaacha utando mwekundu kwenye ndoo, jiki itakuongezea tatizo. Klorini inageuza chuma kilichoyeyuka majini kuwa kutu, na kutu inakaa kwenye nguo. Unamimina jiki ili shuka ing'ae, inatoka na njano ya chungwa. Unaongeza jiki, inazidi. Kwa kazi hii tumia maji mengine.

Doa la kutu lenyewe linatolewa kwa limau na chumvi. Sugua, weka juani, suuza sana. Lakini limau na jiki visikutane kamwe. Tindikali ya limau au siki ikigusa jiki inatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Mkojo nao ni hatari, kwa sababu ukikutana na jiki unatoa gesi nyingine kali. Nepi na mashuka yaliyokojolewa yasuuzwe vizuri kwa maji matupu kwanza. Ukisikia harufu kali na macho kuwasha, toka nje kwenye hewa safi mara moja, na kama kifua kinabana au unakohoa mfululizo nenda kituo cha afya.

Usichanganye pia jiki na unga wa oksijeni ukidhani utapata nguvu mara mbili. Zinamalizana zenyewe kwa kutoa povu, na doa linabaki.

Kuhifadhi

Jiki inapoteza nguvu kwa jua na joto, kwa hiyo chupa ikae gizani, mbali na watoto, na isihamishiwe kwenye chupa ya soda au maji ya kunywa. Unga wa oksijeni ukae mkavu. Ukishauchanganya na maji, utumie siku hiyohiyo na ubaki umwage. Usiufungie kwenye chupa, kwa sababu unaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.