Cheni ni Ipi?

Ukimwambia muuza spea wa Eldoret kwa simu, "Nitumie cheni," atakuuliza ya nini. Neno hilo limebeba ya baiskeli, ya kuvutia gurudumu la boda na ya taimingi iliyofichika ndani ya injini. Basi mtumie picha, na kando ya cheni ulaze sarafu ya shilingi 20, yenye upana wa takriban milimita 26. Piga kutoka juu, wima. Simu ikiinama vipimo hudanganya.

Hesabu kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata. Nafasi mbili zikikaribia upana wa sarafu, kila moja ni milimita 12.7. Zikiingia nne, ni 6.35, kipimo cha cheni nyingi za taimingi za injini ndogo.

Tatizo liko kwenye 12.7, kwa sababu cheni ya baiskeli na ile ya boda iitwayo 428 zinalingana hapo. Zote mbili ni cheni za rola, kwa hiyo picha ya ubavu haitoshi. Isimamishe cheni, upige pengo la ndani, kati ya mabamba: la baiskeli ya kawaida ni kama milimita 3, la 428 karibu 8.

Uchakavu hauonekani kwa sarafu. Huo upime kwa rula. Na ukiagiza, sema "cheni ya boda, 428", pamoja na idadi ya pini.